Waraka kwa Wapishi na Wahudumu wa Bwalo: Kunawa Mikono, Usafi wa Mwili na Taarifa za Ugonjwa

Kutoka kwa: Msimamizi wa Jiko
Kwa: Wapishi wote, wahudumu wa bwalo, vibarua wa kuosha vyombo na kukata mboga
Kuanza kutumika: Jumatatu, tarehe 12 Januari 2026

Ndugu wapishi,

Jiko letu linalisha wanafunzi 640 mara tatu kwa siku, na wote hula kutoka kwenye masufuria yaleyale. Mama akipika na mikono michafu nyumbani kwake, huugua watu watano au sita; hapa kosa hilohilo hujaza bweni zima. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alikuja kazini huku anahara, akakata kachumbari ya chakula cha mchana, na usiku ule matroni hakulala. Simlaumu peke yake, kwa sababu alihofia kukatwa posho ya siku, na hofu hiyo tuliijenga sisi wasimamizi. Kwa sababu hiyo waraka huu unaweka masharti kwa pande zote mbili.

Kunawa mikono

Kila anayeingia jikoni atanawa mikono kwenye beseni la mlangoni kabla ya kufunga aproni. Baada ya hapo atanawa tena kila anapotoka chooni, anapomaliza kushika nyama mbichi, samaki, kuku au mayai, anapomwaga taka, anaposhika kuni au mkaa, anapopokea fedha, anaposhika simu, anapopenga kamasi au kukohoa mkononi, na kabla ya kugusa chakula ambacho hakitarudi motoni, yaani kachumbari, matunda, mkate na chapati zilizoiva. Kachumbari naitaja kwa makusudi, kwa kuwa ugali na maharage huchemka na moto huua vijidudu vingi, lakini kachumbari huliwa ikiwa na kila kilichoachwa na mkono wa aliyeikata.

Namna ya kunawa ni hii: lowesha mikono kwa maji yanayotiririka, weka sabuni, kisha sugua kwa muda usiopungua sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha. Nimesimama karibu na beseni mara nyingi, na nimeona kwamba wengi wetu tunasugua viganja tu, gumba na ncha za vidole tunaziacha kavu, ilhali ncha hizo ndizo zinazochota chumvi na kuonja mboga. Suuza, kausha kwa taulo ndogo ya matumizi ya mara moja iliyo kwenye kapu la kulia, funga koki kwa kiwiko au kwa taulo hiyohiyo, kwa sababu uliifungua kwa mkono mchafu, kisha tupa taulo kwenye ndoo ya kufulia. Hairuhusiwi kufutia mikono kwenye aproni wala kwenye pindo la kanga.

Maji ya bomba yakikatika, tutatumia ndoo zenye koki na kibuyu chirizi kilichopo nje ya choo. Kuchovya mikono kwenye beseni moja la maji kwa zamu si kunawa. Vitakasa mikono havichukui nafasi ya maji na sabuni: havifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye mafuta au uchafu, na baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika havifi kwa spiriti. Glovu nazo huvaliwa juu ya mikono iliyonawiwa, na hubadilishwa kila kazi inapobadilika.

Mwili na mavazi

Oga kabla ya zamu, vaa sare safi, na nguo ulizokuja nazo ziache kwenye chumba cha kubadilishia. Nywele zifunikwe zote kwa kofia au kilemba. Kucha ziwe fupi, bila rangi na bila kucha za bandia. Pete, bangili na saa zivuliwe. Hina haina tatizo. Sigara, ugoro na kutafuna chochote ni marufuku jikoni.

Kuonja ni jambo ambalo nitalisimamia kwa ukali. Desturi ya kudondoshea mchuzi kiganjani kutoka kwenye mwiko, kuuramba, kisha kurudisha mkono uleule kazini inakoma. Chukua mchuzi kwa mwiko, uweke kwenye kibakuli, onja kwa kijiko chako, na kijiko hicho kiende moja kwa moja kwenye vyombo vichafu.

Kidonda, mchubuko au kuungua kufunikwe kwa plasta isiyopitisha maji, na kikiwa mkononi ivaliwe glovu juu yake. Mwenye jipu au kidonda chenye usaha ambacho hakifunikiki vizuri hatashika chakula mpaka kipone. Bakteria wa usaha, ambao pia hukaa puani, hutoa sumu ndani ya chakula kilichoachwa kipoe, na sumu hiyo haiharibiki hata chakula kikichemshwa upya.

Wakati mpishi anapopaswa kubaki nyumbani

Mwenye kuhara au kutapika haji kazini, hata kama ni mara moja tu na hata kama anajisikia ana nguvu. Atarudi baada ya saa 48 kamili kupita tangu mara ya mwisho alipohara au kutapika, bila kuhesabu kuanzia alipomeza dawa. Aliyeharisha mara ya mwisho Jumanne saa nane mchana, saa zake zinatimia Alhamisi saa nane mchana, hivyo atapangiwa zamu ya alfajiri ya Ijumaa. Tunasubiri kwa sababu vijidudu huendelea kutoka pamoja na kinyesi baada ya tumbo kutulia.

Mwenye macho au ngozi iliyogeuka manjano atakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiwa ni homa ya ini aina ya A, atakaa nyumbani siku 7 au zaidi tangu manjano yalipoanza, kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Aliyethibitika kuwa na taifodi, kipindupindu au kuhara damu atarudi kwa barua ya kituo cha afya inayoonyesha kwamba vipimo vya choo ni safi. Kwa taifodi sharti hili halina msamaha, kwa kuwa mtu anaweza kupona kabisa na bado akabeba vijidudu kwa miezi au miaka. Mpishi Mary Mallon wa New York, mwanzoni mwa karne ya 20, aliambukiza familia alizozipikia huku yeye mwenyewe akionekana mzima.

Mwenye homa pamoja na koo kuuma atabaki nyumbani. Mwenye mafua mepesi atafanya kazi mbali na chakula, kama vile kufagia bwalo au kuhesabu stoo.

Kutoa taarifa

Nipigie simu mimi au mpishi mkuu kabla ya saa kumi na moja alfajiri, au mara unapojisikia vibaya ukiwa kazini. Taja dalili na saa zilipoanza. Jina la ugonjwa si lazima ulijue. Toa taarifa pia ikiwa mtu unayeishi naye ana kipindupindu au taifodi. Taarifa itaandikwa kwenye daftari linalofungiwa kabatini kwangu na halitasomwa mbele ya wenzako.

Anayeripoti ugonjwa hatakatwa posho ya siku anazozuiwa kuja, vibarua wakiwemo. Anayeficha ataandikiwa onyo. Msimamizi wa zamu atakayemlazimisha mgonjwa kupika kwa sababu watu ni wachache naye ataandikiwa onyo. Siku hiyo tutapika wali na maharage bila kachumbari, na wanafunzi watavumilia.

Upimaji wa afya utaendelea kila baada ya miezi 6, na vyeti vitakaa ofisini kwa ajili ya bwana afya. Waraka huu utasomwa kwa sauti Jumatatu kabla ya zamu ya asubuhi, kisha kila mmoja atasaini au kuweka dole gumba kwenye daftari la jiko.

Msimamizi wa Jiko