YAH: KOROSHO ZILIZOLOWA, MAJIBU YA BARUA YENU YA 9 DESEMBA 2025

Mtwara, 15 Desemba 2025

Wakili Msomi,

Tumepokea barua yenu inayokana kwamba mteja wenu anawajibika kwa korosho zilizolowa ndani ya lori lake kati ya Newala na Mtwara mjini.

Mteja wetu anapinga msimamo huo. Hati ya mzigo, yenye saini ya dereva wa mteja wenu, inaonyesha gunia 84 zilipakiwa zikiwa kavu. Turubai lilikuwa la mteja wenu, na kulifunga ilikuwa kazi ya utingo wake. Dai kwamba mteja wetu "alilazimisha safari mvua ikinyesha" linakanushwa; leteni uthibitisho.

Hoja yoyote tusiyoijibu hapa isichukuliwe kuwa imekubaliwa.

Barua yenu imeandikwa "Bila Kuathiri Haki", ila hatukuona ndani yake pendekezo hata moja la suluhu. Maneno hayo peke yake hayaleti kinga. Tunaichukulia kuwa barua ya wazi, kama hii yetu, na tutaitumia mahakamani ikibidi. Pendekezo la mteja wetu la usuluhishi liko kwenye barua nyingine, yenye alama hiyo kihalali.

Tusipopata majibu ndani ya siku 14, tutafungua shauri. Haki zote za mteja wetu zinahifadhiwa.

Wako katika taaluma,
Wakili wa Mdai