Rafu ya Zainabu: maneno ya baba siku ya kuingia nyumba, Kireka

Asalaam aleikum. Na nyinyi majirani wa ghorofa ya tatu, habari za jioni, ingieni ndani, msisimame mlangoni. Pilau bado iko motoni na senga, shangazi yake Zainabu, amenipa dakika kumi. Nitazitumia zote.

Zainabu, mwanangu, njoo hapa karibu. Usiiegemee, haijafungwa ukutani.

Hii ni rafu yako ya vitabu, na nimeitengeneza kwa ajili ya mtu anayepanga. Leo uko Kireka. Kodi ikipanda, au kazi ikikuita Mbarara, utahama, na rafu nzima ya sentimita 170 haipiti kwenye kona ya ngazi hizi. Kwa hiyo ni masanduku mawili, moja juu ya jingine. La chini lina kimo cha sentimita 80, la juu 90, na kila moja lina uzito kama kilo 19. Watu wawili wanalibeba bila kugombana. Yameshikana kwa bolti nne za milimita 8, ziko hapa kwenye dari ya sanduku la chini. Tia mkono uzisikie. Spana yake ni namba 13. Siku ya kuhama toa vitabu kwanza, halafu skrubu za ukutani, halafu bolti, na bolti ya mwisho usiilegeze kabla mtu hajalishika sanduku la juu.

Mbao ni mvule. Usiulize nimeupata wapi mvule siku hizi: ni kaunta ya duka la zamani kule Jinja, ilikuwa inavunjwa. Mbao za namna hiyo zimekauka miaka na miaka, hazitapinda tena. Ukinunua mbao mbichi leo, ukazipiga randa kesho, mvua za Machi zikishapita utakuta rafu imejikunja kama chapati. Sehemu nyeupe ya pembeni nimeikata yote nikaitupa, kwa sababu hiyo ndiyo fukusi wanayoipenda. Matundu ya misumari ya zamani nimeyaziba kwa vumbi la mbao hizohizo lililokorogwa na gundi. Usiwaruhusu mafundi wakuzibie kwa chokaa na rangi.

Sasa tazama kiungo hiki. Kila ubao wa kulalia vitabu umeingia ndani ya ubavu kwa mfuo wa milimita 7, na ubavu una unene wa milimita 22. Ni theluthi moja tu. Ukichimba zaidi ubavu unadhoofika, ukichimba kidogo uzito wote unabebwa na gundi. Hapa vitabu vinakaa juu ya mbao, na gundi inazuia tu mbao zisichomoke. Zile za dukani za mbao za unga zinashikwa na skrubu mbili kila upande. Unga ukilegea, skrubu inazunguka tu kwenye tundu lake, na hakuna dawa.

Njoo kwenye ubao wa pili wa sanduku la juu, mkono wa kushoto. Pitisha kucha. Umeisikia? Hiyo nafasi ya nusu milimita ni kosa langu. Mvule una mawe ndani yake, kweli kabisa, vijiwe vyeupe kama chokaa ambavyo mti hujitengenezea, na patasi ikikutana nacho inaruka na kupoteza makali. Patasi iliruka hapo. Nimejaza, haitaleta shida, lakini sitaki uje uione mwenyewe udhani fundi hakujua.

Urefu wa kila ubao kutoka ubavu hadi ubavu ni sentimita 75 na nusu. Mama yako alitaka mita moja na ishirini ijaze ukuta ule. Nilikataa. Vitabu vya kawaida mita moja vinaweza kufika kilo 25 au 30, na vyako vya famasia ni vizito kuliko hivyo. Ubao wa unene huu ukivuka sentimita 90 huanza kushuka katikati taratibu, na ukishashuka haurudi. Ukiongeza vitabu, tutaunda sanduku jingine pembeni.

Vizito viweke chini. Nafasi mbili za chini zina kimo cha sentimita 34 na kina cha 30, zimepimwa kwa mafaili yale makubwa ya ofisi. Juu kina ni 25 na nafasi ni 27. Ukifanya kinyume, ukajaza juu na kuacha chini patupu, mtoto wa dada yako akipanda kama ngazi itamlalia. Wajukuu zangu nawajua, watapanda.

Ndiyo maana lazima ifungwe. Nimezungumza na mwenye nyumba, amekubali matundu mawili. Kesho asubuhi kaka yako atakuja na drili: keekee ya milimita 8, plagi ya saizi hiyohiyo, skrubu za milimita 5, ndefu za kutosha kufika ndani ya tofali, zipite kwenye ubao huu wa nyuma chini ya dari ya juu kabisa. Hakikisheni plagi imezama kwenye tofali, si kwenye plasta peke yake. Plasta inamomonyoka na skrubu inatoka na vumbi lake. Kati ya rafu na ukuta mtaweka hivi vipande viwili vya sentimita moja, hewa ipite. Plaiwudi ya nyuma ndiyo sehemu dhaifu, ikigusa ukuta wenye unyevu inaota ukungu. Kila baada ya miezi sita mulika huko nyuma kwa tochi. Ukiona njia ya udongo inapanda, ni mchwa, nipigie siku hiyohiyo.

Sakafu yako imeinama upande wa baranda, milimita 4 hivi. Nimepima kwa pimamaji. Kabari iko chini ya mguu ule wa mbele, usiiondoe ukidhani ni taka. Na kuhusu kupiga deki: rafu imeinuliwa sentimita 6, na sehemu za chini zilizokatwa, ambako ubao hunyonya maji kama mrija, zimepigwa vanishi mara tatu. Hata hivyo maji yasisimame hapo. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Si sabuni ya unga. Kikombe cha moto kinaacha duara jeupe.

Mwanzoni utaiona ina umanjano pale nilipopiga randa. Mwanga utaifanya kahawia, lakini chini ya kitu kisichosogezwa patabaki peupe. Basi miezi ya mwanzo usiweke picha ya graduesheni mahali pamoja tu, isogezesogeze. Vanishi ya mwisho ilipigwa wiki tatu zilizopita, imekauka hadi ndani, vitabu havitaganda. Unaweza kuvipanga leo.

Nimemaliza karibu yote. Pembe kwa pembe ya sanduku la chini ni sentimita 113 na nusu, huku na huku. Ukihama ukaifunga upya ikawa inayumba, pima hapo kwanza kabla hujalaumu kabari.

Spana hii hapa, kamata. Nimeifunga utepe mwekundu isipotee jikoni. Zainabu, mwanangu, rafu ni yako. Hongera kwa nyumba.

Senga, funua sufuria.