Ombi la kupunguziwa michezo ya saa 2 usiku, tarehe 5 hadi 14 Julai

Shikamoo Mwalimu,

Naomba unipunguzie michezo ya kikapu ninayochezesha saa 2 usiku katika kipindi cha mitihani ya muhula. Sijitoi kwenye ratiba. Ninachoomba ni kusogezwa mapema au kupumzishwa, na ni kwa siku zile tu ambazo kesho yake nina mtihani wa asubuhi.

Mitihani yangu ni Jumatatu tarehe 6 (saa 3 asubuhi), Jumatano tarehe 8 (saa 2 asubuhi), Ijumaa tarehe 10 (saa 8 mchana) na Jumanne tarehe 14 (saa 3 asubuhi). Ratiba ya chuo nimeiambatanisha. Wewe umenipanga saa 2 usiku tarehe 5, 7, 9 na 13.

Ya tarehe 9 niachie hivyo hivyo, maana mtihani wa kesho yake ni mchana. Kwa zile tatu napendekeza hivi:

Tarehe 5: mwenzangu aliyepangwa saa 10 jioni yuko radhi tubadilishane. Tumeongea tu, hatutabadilisha chochote mpaka uidhinishe.

Tarehe 7: naomba nipumzike kabisa. Mtihani wa kesho yake ndio mzito kuliko yote.

Tarehe 13: nipe mchezo wa saa 10, au niweke mezani kutunza muda au saa ya sekunde 24.

Shida ya mchezo wa mwisho unaijua. Wa kwanza ukichelewa dakika 15, au mmoja ukienda dakika 5 za nyongeza, yote inayofuata inasukumwa. Na filimbi ya mwisho haituruhusu kuondoka: karatasi ya mchezo lazima ikaguliwe na kusainiwa na mwamuzi mkuu, na mchezaji akitolewa kwa utovu wa nidhamu kuna ripoti ya kuandika. Tukimaliza Upanga saa 4:30, mpaka nitembee hadi Fire, nisubiri mwendokasi na kufika Ubungo, inakaribia saa 6. Mtu wa mtihani wa saa 2 asubuhi hapo hana usingizi wa kutosha, na robo ya nne ataichezesha akili ikiwa kwenye karatasi ya maswali. Timu zinastahili mwamuzi aliye mzima mpaka sekunde ya mwisho.

Nimeandika mapema ili upate nafasi ya kupanga. Mwamuzi akijitoa siku yenyewe, mchezo wa watatu unachezeshwa na wawili, na wanaobaki wanalazimika kubadili maeneo yao ya uangalizi dakika chache kabla ya kuanza.

Kuanzia Jumatano tarehe 15 nipange saa yoyote, hata michezo miwili mfululizo Jumamosi na Jumapili, ili waliobeba zamu zangu za usiku nao wapumzike.

Naomba jibu kabla ya Jumatano tarehe 24 Juni, nimjulishe mwenzangu kuhusu tarehe 5.

Wako mtiifu,
Neema