Kabla hujatuma hela ya fomu: mazungumzo na wahitimu, Arusha

Walimu, shikamooni. Wahitimu, hamjambo? Hongereni sana.

Mimi kazi yangu ni kuajiri watu wa hoteli na kambi za watalii hapa Arusha, kwa hiyo sitawaambia habari za ndoto. Nitawaambia ninachokiona mezani kwangu.

Kwanza, majira. Wageni wetu wanafurika Juni mpaka Oktoba. Masika, Machi mpaka Mei, kambi nyingi zinafunga au zinapunguza watu, na hapo ndipo sisi tunapanga nani wa kumchukua. Anayeleta barua Julai anakuta viti vimekaliwa. Aliyefanya fildi vizuri tunampigia simu kabla hata hatujatangaza, kwa hiyo msikate mawasiliano na msimamizi wako wa fildi. Jina lake kwenye wasifu wako lina uzito kuliko zile sifa za "mchapakazi, mwaminifu" ambazo kila mtu anaandika.

Sasa matapeli. Ujumbe wenyewe unakuja Wasapu hivi: "Hongera, umechaguliwa. Tuma 35,000 ya sare na vipimo vya afya kabla ya saa kumi leo, nafasi zimebaki mbili." Usaili hujafanya, barua hukuandika, lakini umechaguliwa! Angalieni hilo neno "kabla ya saa kumi". Haraka hiyo ni ya kukunyima muda wa kumuuliza mjomba. Ukiona jina linalotokea kwenye simu unapotaka kutuma hela ni la mtu binafsi, basi, funga simu. Kampuni inayojitambulisha, itafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, halafu nenda ofisini kwao kwa miguu yako. Kusajiliwa peke yake hakutoshi, maana tapeli naye anaweza kuazima jina la kampuni ya watu.

Kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal, bure. Anayekwambia ana mtu wake ndani, anataka hela yako tu.

Vyeti halisi havibaki kwa mwajiri. Onyesha, acha kivuli kilichogongwa muhuri wa wakili, ondoka na chako. Wapo wanaovishikilia ili usihame, na kuvipata tena ni shughuli.

Kujitolea sikukatazi, mradi mwisho wake uandikwe. Ukipata ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi: cheo, mshahara, saa za kazi. Yasome kabla ya kusaini, hata kama bosi amesimama anakusubiri. Ukikatwa NSSF, hakikisha mchango umefika kweli. Mdogo wangu mmoja alikatwa mwaka mzima, kule hakuna kitu. Ugomvi na mwajiri ukizidi, ipo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huhitaji wakili ili kufungua shauri.

Nimeongea vya kutosha. Mwenye ujumbe wa aina ile kwenye simu yake sasa hivi, na najua mpo, aje tuusome pamoja.