Neno la Mke wa Ayubu

Nukta za irabu ndizo zilizompotea Mwalimu kwanza, maana ni ndogo kama mbegu za ulezi. Konsonanti zikafuata, hadi ukurasa mzima ukawa kama ukungu unaoshuka Lushoto mwezi wa saba. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu hapo Biblia yake ya Kiebrania, chapa ya Stuttgart, hukaa mapajani mwa Neema kila Jumamosi, na Mwalimu hukaa upande wa pili wa jiko la mkaa, akiwa amejifunika blanketi mabegani, akisikiliza.

"Soma," alisema siku hiyo. "Ayubu, sura ya pili, aya ya tisa."

Neema alisoma polepole, kidole kikitambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Mkewe akamwambia: bado unaushikilia ukamilifu wako? *Barekh elohim vamut.*

"Fasiri."

"Umkufuru Mungu, ukafe."

"Hiyo ni Biblia ya mwaka 1952. Nimekuambia ufasiri kilichoandikwa."

Neema alitazama tena. Bet, resh, kaf. Neno hilo angelijua hata usingizini, kwa kuwa ndilo hilohilo tulilolipata sisi kupitia Kiarabu: baraka, bariki. "Imeandikwa, *mbariki* Mungu, ufe," alisema. "Lakini Mwalimu, haiingii akilini. Anayempenda mumewe atamwambiaje ambariki Mungu kisha afe? Na Ayubu anamjibu kwamba amenena kama mwanamke mpumbavu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni tafsida. Mwandishi aliona haya kuweka 'laani' karibu na jina la Mungu, akaweka kinyume chake. Kama bibi yangu kule Pangani. Usiku hatamki nyoka, anasema kamba. Ukikanyaga kamba, unajua umekanyaga nini."

Mwalimu alicheka kwa furaha. Huo mfano wa kamba hakuwahi kuupata kwa miaka 31 ya kufundisha, na alimwambia hivyo. Kisha akaanza kuubomoa, kwa namna aliyokuwa akibomolea kila jibu zuri.

"Kama waliogopa, mbona Kutoka 22 inasema waziwazi usimlaani Mungu? Pale limeandikwa *qalal*, laani, na Mungu yupo palepale. Walawi 24 vilevile. Na fungua sura ya tatu ya Ayubu, aya ya kwanza."

Neema alifungua. *Vayeqallel et yomo.* Ayubu akailaani siku yake.

"Mwandishi huyuhuyu," alisema Mwalimu. "Neno la kulaani analo mfukoni. Analitoa sura moja baadaye. Kwa nini hakumpa huyu mama?"

Neema hakuwa na jibu, akahesabu. Katika sura mbili za mwanzo *barekh* lilikuja mara sita. Mara mbili halina shaka: Shetani anasema Mungu amezibariki kazi za Ayubu, na Ayubu anasema jina la Bwana libarikiwe. Mara nne linayumba. Ayubu anahofia wanawe wamem-*barekh* Mungu mioyoni. Shetani anaahidi mara mbili kwamba Ayubu atam-*barekh* Mungu usoni. Ya nne ni ya mama.

"Mwalimu, subiri." Alirudi juu ya ukurasa, aya ya tatu, kisha ya tano, kisha akashuka tena. "Maneno yake si yake! 'Bado unaushikilia ukamilifu' ni sentensi ya Mungu, kamwambia Shetani. Na *barekh* ni neno la Shetani. Mama hakuwapo mbinguni. Amewezaje kusema nusu ya huyu na nusu ya yule?"

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, akinyoosha viganja juu ya makaa. Neema alijua ukimya ule: ndio uliokuwa alama zake za juu kabisa.

"Wafasiri wa zamani nao walikwama," alisema hatimaye. "Wale wa Kigiriki waliandika, sema neno fulani kwa Bwana, ufe. Neno fulani! Tena wakampa mama hotuba ndefu, anawalilia wanawe, anasema uchungu wa tumbo lake umekwenda bure. Yeronimo katika Kilatini chake aliandika *benedic*, bariki, akasonga mbele. Na herufi hizohizo ukizisoma *berekh* ni goti."

"Lipo la tatu pia," Neema alisema. "Yakobo alipotoka mbele ya Farao alimbariki, ndiyo kumuaga. Je, nikiandika *muage Mungu, ufe*? Sisi tunasema mtu ameaga dunia. Linakaa vizuri."

"Linakaa vizuri mno. Umempa kiti na chai. Ayubu asingekasirika hivyo kwa kuambiwa aage."

Kazi ilitakiwa Jumatatu chuoni, na mhadhiri alikuwa ameshasema hataki mkwaju katikati ya maneno mawili: mwanafunzi achague moja, alitetee. Neema aliandika *mkufuru*, akafuta. Aliandika *muage*, akafuta. Karatasi ilianza kuchanika pale.

"Nilishuhudia ugomvi sokoni," alisema, bila kujua bado anaelekea wapi. "Mama mmoja alidhulumiwa vitunguu vyake, gunia zima. Hakutukana. Alimwangalia yule mtu akamwambia, 'Haya. Mungu akubariki.' Soko zima likanyamaza. Yule mtu aliondoka kama aliyepigwa kofi."

Mwalimu aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Lisome hivyo," alisema.

"Vipi?"

"Kama yule mama wa vitunguu."

Neema aliinua kitabu, akaona aibu kidogo, kisha akasoma. *Barekh elohim vamut.* Lilitoka chini, bila haraka. Alipomaliza aliona mikono ya mzee imeacha kuota moto, imelala magotini.

"Mwaka 1979 tulimzika mtoto wetu wa pili," Mwalimu alisema. "Surua. Asubuhi ile nilitakiwa kuongoza ibada ya mazishi mimi mwenyewe, maana mchungaji mwingine hakuwapo karibu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anafunga kanga. Akaniambia, 'Nenda. Nenda kambariki Mungu wako.'"

Mkaa ulipasuka. Neema hakuthubutu kuuchochea.

"Nilikuwa nimeshamaliza Kiebrania cha mwaka wa pili. Neno nililijua. Nilichukua Biblia nikaenda, nikahubiri vizuri, watu wakasema nimehubiri vizuri."

"Hukumuuliza alimaanisha nini?"

"Tulikaa pamoja miaka 40 baada ya siku ile. Kila mwaka niliona bado mapema. Akafariki 2019."

Nje, bodaboda ilipanda mlima kwa gia ndogo, ikapotea kwenye kona ya miti ya mivule. Neema alichukua karatasi mpya, akaandika *Mbariki Mungu, ufe*. Chini yake akaanza kuandika utetezi: kwamba mwandishi alikuwa na neno la kulaani akaliacha, kwamba maandishi hayabebi sauti, na kwamba mfasiri akiandika *mkufuru* amemfungia mama huyu mlango ambao Kiebrania kimeuacha wazi. Aliandika hadi mkono ukamuuma. Huenda mhadhiri angekata alama. Alishalifikiria hilo.

"Nimemaliza aya ya tisa," alisema. "Ya kumi ni jibu la Ayubu. Nisome?"

"Hapana," alisema Mwalimu. Alivuta blanketi, akainamisha sikio lake la kulia, lile linalosikia vizuri zaidi. "Rudia ya tisa."