Hongera ya kuhamia, Mama Salma

Shoga yangu Mama Salma, asalaam aleikum.

Ile sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nageuza chapati. Nikasikia "tumeshahamia" tu, chapati ikaungua. Mara ya pili nikakaa chini nikasikiliza hasa. Unajua kilichonifurahisha? Ule mwangwi. Unaongea, chumba kinakujibu, maana hamjapanga kitu bado, na nyuma yako Salma anakimbia huku na huku akimwambia mdogo wake, "Hapa nalala mimi!" Nikasema alhamdulillahi, nyumba imeshapata mwenyewe.

Hongera sana, wewe na Baba Salma. Mwenyezi Mungu aitie nuru na baraka. Mlale salama, muamke salama. Chungu kisikose cha kuinjika, mgeni akipiga hodi akute nyuso za bashasha, watoto wakue humo kwa afya na adabu. Husda na jicho baya viishie huko huko barabarani. Na siku za huzuni, kwa kuwa nazo hazikosi popote mtu anapolala, usikose wa kukufuta machozi.

Udi najua utafukiza, wewe huhitaji kuambiwa, ila usisahau na kile chumba cha uani. Sura ya Baqara muisome kidogo kidogo. Mkizidiwa na uchovu wa kubeba vitu, iwekeni hata kwenye simu iwasomee.

Tena yule mama wa jirani aliyewaletea ndoo ya maji kabla hamjajua bomba linafunguliwa wapi, mshike huyo! Jirani wa kuombana chumvi ni nusu ya nyumba. Mpelekee salamu zangu ingawa hanijui.

Mimi nakuja mwezi ujao inshallah. Basi la kutoka Dar linapita hapo Pongwe kabla ya kuingia Tanga mjini, kwa hiyo safari hii nashukia njiani, habari ya kufika stendi imekwisha. Salma aje anipokee. Na tafadhali, usijihangaishe na mapishi ya wageni, mimi si mgeni. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha vinanitosha. Vitu vikiwa bado kwenye maboksi tutatandika mkeka, tupige soga mpaka usiku kama enzi zetu za Ngamiani, halafu asubuhi nikusaidie kupanga. Kabati la vyombo usiliguse, hilo niachie mimi, nawe unajua kwa nini.

Nina tawi la mwasumini nimelichomeka kwenye kopo la maziwa hapa dirishani. Nilidhani limekufa, kumbe limetoa majani mawili. Hilo ni la kwenu. Niambie tu dirisha la chumba chenu linatazama upande gani, ili nikifika tulipande hapo hapo chini yake, usiku harufu iwafuate ndani.

Wako,
Mama Zuhura