Baraka, naomba usome mpaka mwisho

Baraka, pole na kazi. Nimesubiri utoke zamu ndipo nikuandikie. Hili lilitakiwa tuongee ana kwa ana, lakini mimi niko Kigoma, likizo sina hadi Desemba, na kukuacha na matumaini miezi yote hiyo ingekuwa kukudanganya.

Naona tuishie hapa kama wapenzi. Hujanikosea, na hakuna mtu mwingine. Ningeweza kusingizia umbali, ila hata nilipokuja Pasaka, tukiwa kwenye kivuko cha Kigamboni umeshika mahindi ya kuchoma ya wawili, nilijiona niko na rafiki. Rafiki mzuri sana, lakini rafiki. Nilidhani itabadilika. Juzi ulipotaja kunipeleka Tanga kwa mama, nikajua siwezi kuendelea kukaa kimya.

Najua inauma, na kwa ujumbe inauma zaidi. Nisamehe. Asante kwa kunipigia kila usiku nilipokuwa mgeni huku, simjui hata muuza mkaa.

Ile elfu hamsini ya nauli nimekutumia sasa hivi kwenye simu, tafadhali usiirudishe. Koti lako liko kwa dada Temeke, atakupa wakati wowote.

Ukitaka kunipigia leo, hata kunilaumu, niko macho mpaka saa tano. Usipotaka kujibu nitaelewa pia. Ila kuanzia kesho tusiandikiane kila siku kama zamani, tutachanganyana.

Neema